Kwa nini modeli ya riba na mikopo iliyofanya kazi hadi 2016 iligoma baada ya hapo

*Shikamoo mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu riba ya Benki Kuu ya Kenya, yaani CBR, na mikopo ya benki kwa sekta binafsi. Nilikadiria modeli kwa data za robo mwaka kuanzia 2006 hadi katikati ya 2016, ikakaa vizuri sana: CBR ikishuka, mikopo inaongezeka baada ya robo mbili hivi. Nikaitumia kutabiri 2017 na 2018, ikanipoteza kabisa, tena kila robo imetabiri juu kuliko hali halisi. Msimamizi wangu anasema kanuni ilibadilika, nikasome hoja ya Lucas. Je, si niongeze tu data za baadaye nikadirie upya? Na uhusiano ulioonekana miaka kumi unavunjikaje?*

Marahaba. Nianze na hilo la kuongeza data, maana ndilo litakalokula muda wako bure. Tangu mwishoni mwa Septemba 2016 hadi ukomo wa riba za mikopo uliowekwa na sheria mwezi huo ulipofutwa Novemba 2019, CBR ilikaa kwenye viwango vitatu tu: asilimia 10, kisha 9.5 kuanzia Machi 2018, kisha 9 kuanzia Julai 2018. Mwaka mmoja na nusu wa kwanza haikusogea hata kidogo. Koefishenti hukadiriwa kutokana na kusogea kwa kigeu, na kigeu kisiposogea hakuna cha kukadiria. Ukiziunganisha data hizo na zile za 2006 hadi 2016, programu itakupa namba, kwa sababu programu haikatai kazi. Lakini namba hiyo itakuwa mchanganyiko wa hali mbili tofauti na haitaeleza hata moja.

Sasa tazama koefishenti yako ya mwanzo ilikuwa inapima nini. CBR haigusi mkopo moja kwa moja. Kati yake na mkopo kuna afisa wa benki anayeamua ampe nani na kwa riba gani, na kuna mteja anayeamua kama bei hiyo inamfaa. Modeli yako iliona ncha mbili tu, CBR huku na jumla ya mikopo kule, ikaandika wastani wa maamuzi yote yaliyofanyika katikati. Maamuzi hayo yalifanywa chini ya kanuni moja: benki inajipangia riba yake. Kanuni hiyo haikuonekana popote kwenye mlinganyo wako kwa sababu haikubadilika, na kitu kisichobadilika hujificha ndani ya koefishenti.

Hiyo ndiyo hoja aliyoiandika Robert Lucas mwaka 1976. Wakati huo Marekani ilikuwa na modeli kubwa za milinganyo mingi, na washauri walizitumia kuiambia serikali kwamba ikikubali mfumuko wa bei wa kiasi fulani, ukosefu wa ajira utapungua kwa kiasi fulani. Uhusiano huo ulikuwepo kweli kwenye data za zamani. Ulikuwepo kwa sababu watu walipanga mishahara wakitarajia bei zitulie. Sera ilipogeuka kuwa ya kuvumilia mfumuko, matarajio nayo yakageuka, na kufikia 1980 nchi hiyo ilikuwa na mfumuko wa zaidi ya asilimia 13 pamoja na ukosefu wa ajira wa zaidi ya asilimia 7. Watu wengi huishia kwenye mfano huo na kudhani hoja inahusu matarajio ya mfumuko peke yake. Mfano wako wa Kenya ni mzuri zaidi kwa kufundishia, kwa sababu kanuni iliyobadilika imeandikwa kwenye sheria, ina tarehe, na hesabu yake inafanyika kwenye karatasi moja.

Sheria yenyewe ni marekebisho ya Sheria ya Benki, kifungu cha 33B, yaliyoanza kutumika tarehe 14 Septemba 2016. Yalisema mambo mawili. Riba ya mkopo isizidi pointi 4 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Na amana zinazolipwa riba zilipwe angalau asilimia 70 ya riba hiyo ya msingi. Benki Kuu ikaeleza kwamba riba ya msingi ni CBR. Siku ile CBR ilikuwa 10.5, kwa hiyo ukomo ulikuwa 14.5; siku chache baadaye CBR ikashushwa hadi 10, na ukomo ukawa 14. Kabla ya hapo wastani wa riba za mikopo ulikuwa karibu asilimia 18. Sharti la amana liliondolewa 2018. Lile la mikopo lilidumu hadi Novemba 2019.

Angalia kilichotokea hapo. Kabla ya Septemba 2016 CBR ilikuwa ishara ya gharama ya fedha. Baada ya hapo ikawa pia kipimo cha bei ya juu kabisa ambayo benki inaruhusiwa kutoza. Jina ni lile lile na safu ni ile ile kwenye faili lako la Excel, lakini sasa inafanya kazi mbili zinazovutana.

Ili uone zinavyovutana, kaa upande wa afisa wa mikopo. Mwaka 2017 na miezi ya mwanzo ya 2018, dhamana za Serikali za siku 364, yaani fedha ambazo benki huikopesha Serikali, zilikuwa zinalipa karibu asilimia 11. Fedha hizo hurudi bila kumfuatilia mtu, bila kupima shamba wala kugombania logi buku. Kwa hiyo kila mkopo lazima ulipe hiyo 11, halafu ujazie gharama za kuuhudumia na hasara inayotarajiwa kwa wale wasiolipa. Chukua wateja watatu. Namba zao ni za mfano, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Kampuni kubwa inahitaji pointi 1.5 juu ya dhamana, kwa kuwa mkopo ni mkubwa na hesabu zimekaguliwa. Mwenye kiwanda cha wastani anahitaji pointi 2.6. Mwenye duka la jumla, ambaye mkopo wake mdogo unagharimu karibu muda ule ule wa kuuchambua, anahitaji pointi 8.

Bila ukomo, wateja hawa wangetozwa 12.5, 13.6 na 19. Benki Kuu ikishusha CBR kwa pointi 1, na dhamana zikashuka, tuseme, kwa nusu pointi, riba zote tatu zinapungua kwa nusu pointi. Wa duka anaona 18.5. Wenzake kadhaa waliokuwa wakisema bei ni kali sasa wanakuja kukopa, na mikopo inaongezeka. Hiyo ndiyo alama hasi uliyoipata kwenye modeli yako, na ilikuwa sahihi kwa wakati wake.

Sasa weka ukomo. Kinachoamua nani apewe mkopo ni nafasi iliyobaki kati ya bei ya juu na dhamana:

```
nafasi = (CBR + 4) - riba_ya_dhamana
```

CBR ikiwa 10 na dhamana 11, nafasi ni pointi 3. Kampuni kubwa inapita, kiwanda kinapita, duka linabaki nje hata kama mwenyewe yuko tayari kulipa 19. Halafu CBR inashushwa hadi 9.5, kama ilivyofanyika Machi 2018. Ukomo unateremka nao mara moja, kwa sababu sheria inausogeza pointi kwa pointi. Dhamana hazisogei hivyo. Chukua zimeshuka hadi 10.9. Nafasi sasa ni 13.5 kutoa 10.9, yaani 2.6, na mwenye kiwanda yuko ukingoni kabisa. Zikikwama kwenye 11, nafasi ni 2.5 naye yuko nje. Hatua iliyokusudiwa kuongeza mikopo imemfungia mlango mteja aliyekuwa ndani.

Kwa jumla, gharama mbadala ya benki ikishuka kwa kiasi kidogo kuliko CBR yenyewe, kushusha CBR kunapunguza nafasi. Gharama ya amana haiokoi jambo hapa. Sheria iliifunga kwa asilimia 70 ya CBR, kwa hiyo hata amana zote zingelipwa riba, CBR ikishuka pointi 1 gharama hiyo ingepungua kwa 0.7 tu. Na si zote zilizolipwa: benki nyingi zilibadilisha jina la akaunti za akiba zikawa akaunti za miamala zisizolipwa riba, kwani sheria ilitaja amana zinazolipwa riba. Hilo nalo ni badiliko la tabia lililoletwa na kanuni, na hakuna data ya kabla ya 2016 ambayo ingeweza kukuonyesha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi hulipita haraka. Kabla ya ukomo, kiasi cha mikopo ulichokiona kilikuwa kinaamuliwa kwa sehemu kubwa na wakopaji: bei hii, wangapi wanataka. Chini ya ukomo wakopaji ni wengi kuliko mikopo, kwa hiyo kiasi unachokiona ni kile ambacho benki zinakubali kutoa. Ulikuwa unapima mahitaji, sasa unapima ugavi, kwa mlinganyo ule ule. Ndiyo maana modeli yako ilikosea upande mmoja kila robo. Iliendelea kuwahesabu wenye maduka kama watu wanaopata mkopo bei ikishuka. Makosa ya kawaida hutawanyika juu na chini. Ukiona yamepanga foleni upande mmoja tangu tarehe fulani, anza kutafuta kanuni.

Lakini usikimbilie kubebesha ukomo kila kitu, maana mtahini wako atakushika hapo. Ukuaji wa mikopo uliozidi asilimia 20 mwaka 2014 ulikuwa umekwisha kupungua kabla sheria haijaanza. Benki tatu zilianguka kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016: Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, na benki ndogo zikapoteza amana. Mwaka 2017 kulikuwa na ukame, na uchaguzi wa Agosti ukafutwa na kurudiwa Oktoba. Mikopo ilikua kwa asilimia 4.3 tu hadi Desemba 2016 na 2.4 hadi Desemba 2017, lakini sehemu ya anguko hilo ingekuwepo hata bila sheria.

Kinachotenganisha sababu hizo ni muundo wa mikopo zaidi kuliko jumla yake. Uchumi ukidorora, unategemea mikopo ipungue kwa wengi, na maombi nayo yapungue. Ukomo ukifanya kazi kama nilivyoeleza, idadi ya mikopo itapungua huku wastani wa ukubwa wa mkopo mmoja ukipanda, kwa sababu wanaotolewa nje ni wadogo. Hilo la pili ndilo Benki Kuu ililolikuta ilipochunguza athari za sheria. Pia benki zitahamia kwenye dhamana za Serikali na kwenye ada, na zilihamia. Omba data za idadi ya akaunti za mikopo, si thamani peke yake. Bila hizo sura yako ya nne itakuwa na mguu mmoja.

Ukipata nafasi, tafuta pia wa kulinganisha naye. SACCO na benki za mikopo midogo haziko chini ya Sheria ya Benki, kwa hiyo ukomo haukuzigusa, ingawa zilipokea wateja waliokataliwa kwingine, na hilo linakuza tofauti kuliko ilivyo. Uganda ilikuwa ikishusha CBR yake kipindi hicho hicho, kutoka 17 mwanzoni mwa 2016 hadi 9 Februari 2018, bila ukomo wowote. Kila mlinganisho una kasoro yake, lakini kasoro zao hazifanani, na hapo ndipo faida ilipo.

Kwa upande wa kipimo cha takwimu, fanya jaribio la kuvunjika kwa tarehe inayojulikana. Kwenye R ni mistari michache:

```r
library(lmtest); library(sandwich)
d$ukomo <- as.integer(d$tarehe >= as.Date("2016-10-01"))
m0 <- lm(mikopo ~ cbr_l2 + mfumuko + pato, data = d)
m1 <- lm(mikopo ~ ukomo * (cbr_l2 + mfumuko + pato), data = d)
waldtest(m0, m1, vcov = NeweyWest)
```

Nimeweka `NeweyWest` kwa makusudi. Ukipima ukuaji wa mwaka kwa data za robo mwaka, kila robo inashiriki miezi tisa na jirani yake, makosa yanafuatana, na jaribio la F la kawaida linaweza kukuonyesha mvunjiko hata pasipo na mvunjiko. Hata hivyo usilitegemee sana jibu lake. Una robo 12 kamili chini ya ukomo na unakadiria koefishenti nne za ziada. Jaribio likishindwa kukataa kwamba koefishenti ni zile zile, huenda ni kwa sababu data ni chache na CBR haikusogea. Halijathibitisha kwamba uhusiano ulibaki. Na likikataa, limekuambia kwamba kitu kimevunjika, halijakuambia nini. Tarehe yenyewe pia ina ukungu. Rais alitia saini wiki tatu kabla ya sheria kuanza, na kwa wiki hizo mkopaji mwenye akili alisubiri. Machi 2019 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, ikasimamisha hukumu yake kwa miezi 12, kwa hiyo kuanzia hapo benki zilikuwa zikipanga zikijua ukomo huenda ukaondoka.

Ndiyo maana ningekushauri uache kuuliza koefishenti mpya ni ngapi, uuambie mlinganyo jinsi benki inavyoamua. Chukua hesabu ya wateja watatu uifanye kwa kundi zima. Unahitaji mtawanyo wa pointi ambazo wateja mbalimbali wanahitaji juu ya dhamana, na unaweza kuukadiria kutoka riba za kabla ya Septemba 2016, wakati kila mteja alitozwa kulingana na hatari yake. Toa riba ya dhamana kwenye riba ya mkopo, tengeneza makundi kwa ukubwa wa mkopo, uone sehemu gani ya mikopo iko juu ya pointi 3, ya 2.5, ya 2. Kisha weka ukomo na usome ni mikopo mingapi inabaki. Utaona kwamba data za kabla ya mabadiliko, zile zile zilizokudanganya, zinaweza kutabiri alama ya badiliko baada ya sheria, kwa sababu safari hii umekadiria gharama na hatari badala ya matokeo ya kanuni.

Hata hizo gharama na hatari si za kudumu milele. Benki zilipobanwa zilipunguza wafanyakazi na kusukuma mikopo kwenye simu, kwa hiyo zile pointi za kuhudumia mkopo mdogo zilishuka. Na kiwango cha wasiolipa unachokiona ni cha wale waliopewa tu. Ukomo ukibadilisha nani anapewa, kiwango hicho kinabadilika pasipo mteja yeyote kubadilika tabia. Fanya hesabu yako kwa gharama zilizopunguzwa, tuseme, kwa robo, uone kama alama inageuka. Isipogeuka, andika hivyo. Ikigeuka, andika hivyo pia.

Usiogope sasa kutumia takwimu yoyote ya nyuma. CBR iliposhushwa kutoka 11.5 hadi 10.5 Mei 2016, ile ilikuwa hatua ya kawaida ndani ya kanuni iliyojulikana, na modeli yako ya 2006 hadi 2016 ilikuwa chombo halali cha kuikisia. Hata hatua kubwa ya mwishoni mwa 2011, CBR iliporuka kutoka 7 Septemba hadi 18 Desemba, ilikuwa ukali usio wa kawaida, lakini benki iliendelea kujipangia bei na CBR ikaendelea na kazi yake moja. Swali la kujiuliza kila mara ni kama afisa yule wa mikopo angebadilisha namna anavyopiga hesabu, au angeingiza tu namba mpya kwenye hesabu ile ile.

Kwa kipimo hicho data zako zina mipaka zaidi ya miwili. Julai 2014 Benki Kuu ilianzisha KBRR, riba ya marejeo ya mikopo, iliyositishwa ukomo ulipoanza. Baada ya Novemba 2019 mtu angedhani kanuni ya zamani imerudi, lakini benki zilitakiwa kuidhinishiwa na Benki Kuu utaratibu wa kupanga riba kwa hatari ya mteja, na kabla hazijamaliza, Machi 2020 ikaleta korona na mikopo kuahirishwa. Agosti 2023 Benki Kuu ikaanza kuielekeza riba ya mikopo baina ya benki ikae, kwa kuanzia, ndani ya pointi 2.5 juu au chini ya CBR. Kama ni lazima uwe na sampuli moja ya kutabiria leo, ianzishe hapo mwishoni, na kwenye jedwali la kwanza la tasnifu weka safu inayotaja kanuni ya kila kipindi kabla ya safu ya namba.